Hasi 69: simu iliyogoma kuhama ghorofani

Mama mwenye nyumba alinipigia saa nne kasoro usiku, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshachoka kuvumilia. Kila usiku wakimaliza kula anampigia video binti yake aliye Maskati. Anaanzia mazungumzo sebuleni, kisha anapanda nayo ghorofani kwenda kujilaza. Akishafika chumbani, picha inaganda. "Mimi namsikia vizuri tu," akaniambia, "yeye ndiye hanisikii. Ananiambia mama umekatika. Sasa nimekatika vipi na mimi nimekaa chini ya hilo dude lako la waifai?"

Dude lenyewe nililiweka mimi, miezi minane kabla ya simu ile. Kwa hiyo hiki si kisa cha kuja kurekebisha makosa ya fundi aliyepita. Fundi aliyepita ndiye huyu anayeandika.

Nyumba iko Mbezi Beach, Dar es Salaam. Ni ya ghorofa moja, pana, kuta za tofali za saruji, na kati ya chini na juu kuna slabu ya zege yenye nondo. Faiba inaingilia sebuleni. Kiboksi cha mtoa huduma nilikizima waifai yake, nikaweka vituo vyangu vitatu vinavyofanana, vyote vikiendeshwa na OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, vyote vimefungwa kwa waya hadi kwenye swichi. Cha kwanza kilikaa sebuleni, juu ya kabati la televisheni. Cha pili kilikaa ghorofani, kwenye chumba cha kusomea cha mzee, ambacho kiko mwisho wa korido na kimepakana na chumba cha kulala. Cha tatu kiko nyuma, jikoni, kwa ajili ya uani na chumba cha dada wa kazi. Vyote vilikuwa na jina moja la mtandao, nywila moja, na nguvu ya kurusha nikaiweka juu kabisa, kwa sababu siku ile niliona nyumba ni kubwa na kuta ni nene, basi kila kituo kipige kelele kadiri kinavyoweza. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa ilinichukua siku mbili kukubali.

Nilifika kesho yake asubuhi. Nilipomwamkia, mama alinijibu "marahaba, baba" kisha akanikabidhi simu yake, aifoni ya miaka michache iliyopita, na maelezo yaliyonirahisishia nusu ya kazi: "Nikiizima waifai nikaiwasha tena nikiwa huku juu, inakaa sawa. Lakini niwe nazima na kuwasha kama taa ya choo?"

Anayefanya kazi hizi asiliache neno kama hilo likapita. Ukizima na kuwasha ukiwa palepale ulipoketi, na mtandao ukapona papo hapo, maana yake kituo kilicho karibu nawe ni kizima, waya wake ni mzima, na faiba haina tatizo. Kilichobadilika ni kimoja tu: simu imelazimika kuchagua upya, na safari hii imechagua kilicho karibu. Kabla ya hapo ilikuwa imeng'ang'ania kingine. Kama ingekuwa ni kituo kibovu, kuzima na kuwasha kusingesaidia kitu.

Kuna ugonjwa mmoja unaofanana na huu, na niliuondoa kwanza kwenye orodha kwa sababu ni mwepesi kuupima. Watu wengi hununua ruta ya pili wakaichomeka ghorofani bila kuizimia kazi ya kugawa anwani, na nyumba ikawa na mitandao miwili yenye jina moja. Simu ikihama inapewa anwani mpya, na kila mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea yanakatika. Nilitazama anwani ya simu ikiwa sebuleni, nikaitazama tena ghorofani baada ya kuzima na kuwasha. Ilikuwa ileile, `192.168.1.134`. Basi si hilo.

Kinachofuata ni kujua simu imeshika kituo gani, na ni watu wachache wanaofika hapa, kwa sababu vijiti vya waifai juu ya kioo havisemi. Vinasema umesikika kiasi gani, havisemi ni nani unayemsikia. Nilimwomba mama aanze kumpigia binti yake sebuleni, apande ngazi kwa mwendo wake wa kila siku, akae kitandani. Mimi nikakaa na laptopu nimeingia kwenye kituo cha sebuleni, nikauliza nani yuko nacho:

```
iwinfo phy0-ap0 assoclist
```

Simu ya mama ilikuwa bado ipo pale, kwenye redio ya gigahezi 2.4, moja kati ya redio mbili za kituo cha sebuleni, huku mwenyewe ameegemea ukuta ambao upande wake wa pili ndipo kilipo kituo cha ghorofani. Mstari wake ulisomeka `-76 dBm / -92 dBm (SNR 16)`. Namba ya kwanza ni jinsi kituo kinavyoisikia simu, ya pili ni kelele ya mazingira, na SNR ni tofauti yao. Namba hizi ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa: hasi 45 ni mtu anayekunong'oneza sikioni, hasi 76 ni mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara ya lami. Kila ukipanda au kushuka desibeli tatu, nguvu inaongezeka au kupungua kama mara mbili.

Hiyo ilikuwa upande wa kituo. Nikataka kujua upande wa simu unaonaje. Aifoni haionyeshi namba hizi kwenye mipangilio yake ya kawaida, lakini Apple wana programu yao ya bure iitwayo AirPort Utility. Ukiingia kwenye mipangilio ya simu ukaruhusu kipengele cha `Wi-Fi Scanner`, programu hiyo inakuorodheshea kila redio inayosikika hapo ulipo, kwa anwani yake na nguvu yake. Nikatembea nayo nyumba nzima, na sehemu tatu zikanieleza kisa chote.

Sebuleni, kituo cha sebuleni kilisikika kwa hasi 40 na kitu, kama ilivyotarajiwa. Chumbani kitandani, kituo cha ghorofani kilisikika kwa hasi 49 kwenye gigahezi 5, mawimbi safi kabisa. Palepale kitandani, kile cha sebuleni kilisikika kwa hasi 69 kwenye gigahezi 2.4.

Hasi 69. Nilipoiona namba ile nilicheka peke yangu, mama akanitazama kama nimepagawa.

Ni hivi. Watu wengi, na mafundi tumo, tunadhani vituo ndivyo vinavyopokezana simu, kama minara ya simu za mkononi inavyofanya. Kwenye waifai sivyo. Anayeamua kuhama ni simu yenyewe. Kituo kinaweza kumshauri, kinaweza hata kumfukuza, lakini hakiwezi kumbeba kumpeleka kwa jirani. Na simu haikai ikilinganisha vituo muda wote, kwa sababu kutafuta vituo vingine kunakula betri na kunaikatisha kazi iliyo nayo. Inasubiri mpaka hali iwe mbaya kiasi fulani ndipo iinue kichwa. Kwa aifoni kiasi hicho si siri, Apple wenyewe wamekiandika kwenye maelekezo yao kwa mafundi: desibeli hasi 70. Juu ya hapo simu imetulia, haitafuti chochote. Ikishuka chini ya hapo inaanza kutafuta, na hata ikitafuta haihami mpaka ipate kituo kinachosikika zaidi kwa desibeli 8 ikiwa inatuma na kupokea data, au desibeli 12 ikiwa imetulia mfukoni. Simu za Android kila kiwanda kina kikomo chake, lakini tabia ni ileile.

Kwa hiyo simu ya mama ilikuwa imekaa hatua moja nje ya mstari. Hali yake haikuwa nzuri ya kuridhisha, wala haikuwa mbaya ya kuisukuma itafute. Kituo chenye hasi 49 kilikuwa nyuma ya ukuta na simu haikujua, kwa sababu haikuwa imeuliza. Na aliyeifikisha pale kwenye hasi 69 ni mimi, kwa kuweka nguvu ya kituo cha sebuleni juu kabisa. Kingekuwa kinarusha kwa nguvu ndogo zaidi, simu ingekiacha yenyewe.

Lakini hasi 69 si mawimbi ya kufa. Watu wanatazama filamu kwa hasi 69. Kwa nini basi video iliganda, na kwa nini ikaganda upande mmoja? Jibu liko kwenye zile namba mbili: simu inakisikia kituo kwa hasi 69, kituo kinaisikia simu kwa hasi 76. Njia ni ileile, kuta ni zilezile, slabu ni ileile, na zege halibagui anayepanda na anayeshuka. Tofauti ya desibeli saba imetokana na koo la kila mmoja. Kituo kilikuwa kinarusha kwa desibeli 20. Ukipiga hesabu, simu ilikuwa inarusha kama kwa 13, na hiyo si ajabu kwa kifaa cha betri chenye antena ya kujificha pembeni mwa kioo. Kituo kina spika ya msikitini, simu ina mdomo wake tu. Mama akamsikia binti, binti asimsikie mama. Ongeza na majirani: kwenye gigahezi 2.4 nilihesabu mitandao 14 mingine pale chumbani, na sauti dhaifu inayopanda kutoka kwenye simu ndiyo inayomezwa kwanza. Nilipopima kasi, kushuka nilipata megabiti 9 na kupanda hata mbili hazikufika. Baada ya kuzima na kuwasha waifai, zote mbili zilifika 20, ambacho ndicho kifurushi chao.

Ndiyo maana vijiti juu ya kioo vinadanganya. Vinapima spika ya msikitini.

Mzee akaja kusimama mlangoni, mikono nyuma. "Fundi, mimi nilishasema tangu mwanzo. Hii nyumba inataka mashine kubwa yenye antena nane. Jirani yangu anayo." Nikamwambia mzee, ukileta hiyo ikakaa sebuleni, chumbani itasikika kwa hasi 60 badala ya hasi 69, na simu ya mama haitahama mpaka siku ya kiyama, maana itazidi kuridhika. Na sauti ya mama haitaongezeka hata nukta, kwa sababu antena ya jirani haipo kwenye simu ya mama. Kwa haki, antena bora inasikia vizuri zaidi kidogo pia, lakini sikulisema hilo mbele yake.

Sasa niseme nilichofanya kwanza, ambacho kilikuwa kosa la pili. Siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda Tegeta, nikachukua njia ya mkato: nikaweka kikomo cha kufukuza. Ukiwa na programu ya `usteer` kwenye OpenWrt, au kipengele cha namna hiyo kwenye vituo vya kiwanda kingine chochote, unaweza kukiambia kituo kuwa kifaa chochote kinachosikika chini ya kiasi fulani kitolewe nje. Niliweka hasi 75. Hesabu ilikuwa rahisi: simu ya mama inasikika kwa hasi 76 ikiwa chumbani, itatolewa, itatafuta upya, itaangukia kituo cha karibu. Nikajaribu mara mbili, ikafanya hivyo, nikaaga.

Kesho yake nilipigiwa simu tatu. Mama alisema sasa mazungumzo hayagandi, yanakatika kabisa, kisha yanarudi. Bila shaka: kufukuzwa ni kufukuzwa, simu haijatayarisha pa kwenda. Mzee alisema kamera ya getini inaonekana dakika mbili, inapotea, inarudi. Ile sikuwa nimeifikiria hata kidogo. Kamera ile haina kituo kingine cha kwenda, inasikia kile cha sebuleni tu, na kituo kinaisikia kwa hasi 78 kwa sababu kati yao kuna ukuta na geti la chuma. Kila ikiingia inatolewa. Na simu ya tatu ilikuwa ya mama tena, akimsemea dada wa kazi, ambaye bando lake la wiki lilikwisha kwa siku moja. Simu yake ya zamani ilikuwa ikifukuzwa na kituo cha sebuleni, inakirudia kilekile, inafukuzwa tena, na baada ya mara kadhaa inaikatia tamaa waifai na kuhamia kwenye data ya laini bila kumwambia. Nilimrudishia bando kutoka mfukoni mwangu. Kikomo cha kufukuza sikiiti kibaya kila mahali, kwenye ukumbi wa mikutano kina kazi yake, lakini kwenye nyumba yenye vifaa vya kila umri naona kinatesa wasiohusika.

Nikarudi na muda wa kutosha. Nikaondoa kikomo, nikaanza kupunguza nguvu.

Kwanza nilitaka kuelewa kwa nini simu iliishia kwenye gigahezi 2.4, maana sebuleni nilikuwa nimeiona ikianzia gigahezi 5. Nikapanda ngazi na AirPort Utility mkononi, nikasimama pale ngazi zinapokata kona, katikati ya chini na juu. Pale ndipo uamuzi mbaya ulipokuwa ukifanyika. Gigahezi 5 ya sebuleni ilikuwa imeshuka mpaka hasi 71, kwa sababu mawimbi yale huchoka upesi kwenye zege. Simu imevuka mstari wake, inainua kichwa, inatafuta. Inasikia nini? Gigahezi 5 ya ghorofani, iliyojificha kwenye chumba cha kusomea mwisho wa korido, inasikika kwa hasi 74. Gigahezi 2.4 ya ghorofani, hasi 66. Gigahezi 2.4 ya kilekile kituo cha sebuleni, hasi 57. Yeyote angechagua ya mwisho. Simu inahamia hapo, inatulia, inaendelea kupanda, na kuanzia hapo haitafuti tena kwa sababu hasi 57 inashuka polepole mpaka hasi 69 na kuishia hapo kitandani. Haikuwa na akili mbovu. Iliulizwa swali sahihi mahali pasipo sahihi, na jibu lake ikaishi nalo usiku kucha.

Kwa hiyo mambo mawili yalitakiwa. Gigahezi 2.4 ya sebuleni isifike chumbani ikiwa na nguvu ya kumridhisha mtu, na kituo cha ghorofani kisikike mapema, simu ikiwa bado kwenye kona ya ngazi.

La kwanza ni mstari mmoja kwenye faili ya `/etc/config/wireless`:

```
config wifi-device 'radio0'
        option band '2g'
        option channel '1'
        option txpower '11'
```

Kutoka 20 hadi 11 ni desibeli tisa. Chumbani hasi 69 ikawa hasi 78. Gigahezi 5 niliiacha 20 kama ilivyokuwa, kwa makusudi: kwa kuwa 2.4 inapenya zaidi, ukiipunguza kwa desibeli sita hadi tisa chini ya 5, redio mbili za kituo kimoja zinaishia karibu sehemu moja, na simu haikuti ile ngazi ya kujishikiza. Mtu ataogopa kwamba kupunguza nguvu kutamwumiza aliye mbali. Kwa simu ya mama hakukuwa na cha kupoteza. Mwisho wa masikilizano ulikuwa umewekwa na simu kwa 13 yake, si na kituo kwa 20 yake. Zile desibeli za ziada zilikuwa zinaleta matumaini tu.

Tukajaribu usiku uleule. Mama akapanda na binti yake kwenye kioo. Kwenye kona simu haikupata kinachozidi kwa nane, ikabaki na gigahezi 5 ya sebuleni, ikafika juu, ikaingia koridoni hatua tatu nne, picha ikasita kama sekunde moja, ikaendelea. Nikatazama kwenye laptopu: simu imeondoka kwenye orodha ya sebuleni, ipo ghorofani, gigahezi 5. Mama hakugundua lolote. Mimi nilikuwa nimeshika pumzi.

Kusita kule kwa sekunde moja kulinikera, na ndiko kulikonifanya nihamishe kituo cha ghorofani. Nilikitoa chumba cha kusomea, nikakifunga kwenye dari la korido, karibu na kichwa cha ngazi, umbali wa mita nne na nusu za waya. Chumba cha kulala kikapoteza kidogo, kutoka hasi 49 hadi hasi 54, ambayo hakuna atakayeihisi. Kona ya ngazi ikapata mengi: gigahezi 5 ya ghorofani ilitoka hasi 74 ikawa hasi 62. Sasa simu ikifika pale na hasi 71 mkononi, ikatafuta, inakuta hasi 62 inayozidi kwa tisa, na yenye mazungumzo inahitaji nane tu. Inahama moja kwa moja kutoka 5 hadi 5. Simu iliyolala mfukoni haihami pale, inahitaji tofauti ya 12, lakini ngazi tatu juu ya kona tofauti hiyo ipo. Katika kazi yote hii, kusogeza kituo kwa mita nne na nusu kulisaidia kuliko mipangilio yote niliyoandika, na ningekuwa nimefikiria siku ya kwanza ningekifunga pale tangu mwanzo. Niliweka chumba cha kusomea kwa sababu palikuwa na soketi.

Kisha nikaongeza ushauri. Viwango vya `802.11k` na `802.11v` vinawapa vituo njia ya kusema na simu: cha kwanza kinaipa simu orodha ya majirani na chaneli zao ili isipoteze muda kutafuta kila mahali, cha pili kinaiomba ihame. Ni ombi, simu inaweza kukataa.

```
config wifi-iface 'default_radio0'
        option ieee80211k '1'
        option bss_transition '1'
```

Mipangilio hii miwili inawekwa kwenye kila redio ya kila kituo, na kuna mitego miwili. Toleo dogo la `wpad`, programu inayosimamia vifaa vinavyoingia kwenye waifai, linalokuja na OpenWrt halitoshi kwa hili, inabidi uliondoe uweke kamili. Na ukiwasha bila kitu cha kuviunganisha vituo, kila kimoja hakiwajui majirani zake, na orodha kinayotoa haina mtu ndani. `usteer` ndiyo inayowatambulisha wao kwa wao, kwa hiyo sikuiondoa, nilikiondoa kile kikomo tu. `802.11r` sikuiwasha. Inaharakisha kubadilishana funguo wakati wa kuhama, lakini kwenye nyumba inayotumia nywila moja ya kawaida muda unaookolewa ni mdogo, na vifaa vya zamani vingine hugoma kuingia kabisa vikiiona.

Kamera ya getini iliumia, hiyo lazima niiseme. Kabla ya yote kamera ilikuwa ikikisikia kituo cha sebuleni kwa hasi 73, nikipunguza tisa ikawa hasi 82, na picha ikaanza kuvunjika vipande. Yenyewe haikuwa na pa kuhamia, kwa hiyo kile kilichomfaa mama kilimkata yeye. Sikupandisha nguvu tena. Nilivuta waya wa nje mita 18 kupitia juu ya ukuta, nikaitoa kamera kwenye waifai moja kwa moja. Mzee alilipa waya kwa kunung'unika, ila geti sasa analiona saa zote.

Laptopu ya kijana wao ilikuwa na tabia zake. Yeye huanzia jikoni na kumalizia ghorofani, na mashine yake ya Windows ilikuwa ikibaki na kituo cha jikoni hata baada ya kazi yote hiyo. Kadi ilikuwa ya Intel, na hizo zina kipengele kwenye `Device Manager` kiitwacho `Roaming Aggressiveness`, chenye ngazi tano. Ilikuwa ya tatu, nikaiweka ya nne. Ya tano sikuitaka, kwa sababu huwa inahangaika kutafuta hata pale ambapo mambo ni mazuri.

Iliyobaki ni simu ya dada. Ni ya zamani, ya gigahezi 2.4 pekee, haijibu maombi ya `802.11v` wala haiombi orodha, na kikomo chake cha kuhama kinaonekana kiko chini sana, maana niliiona ikishikilia kituo cha sebuleni kwa hasi 83 akiwa amekaa uani, hatua kumi kutoka kile cha jikoni. Hapo hakuna mpangilio wa kumsaidia usioumiza wengine. Nilimwonyesha pa kuzimia na kuwashia waifai akitoka sebuleni kwenda uani. "Kumbe ndiyo hiyo ya mama," akasema. Nikamwambia ndiyo hiyohiyo.